Jinsi ya Kubandua Kioo cha Bafuni Kilichogundishwa kwenye Vigae Bila Kukivunja

Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi, kioo cha kujitazamia kilicho juu ya sinki hakikufungwa kwa skrubu, bali kiligundishwa kwa silikoni moja kwa moja kwenye vigae. Aliyekiweka hakuwaza siku ya kukitoa, na siku hiyo hufika: mpangaji anahama na kioo ni mali yake, kigae kilicho nyuma kimepasuka, au bomba lililopita ndani ya ukuta linavuja. Mwongozo huu unahusu hali hiyo moja, yaani kioo cha kawaida chenye unene wa milimita 4 hadi 6, kilichoshikwa kwa silikoni juu ya vigae vinavyong'aa, ambacho mwenyewe anataka kitoke kikiwa kizima. Gundi za aina nyingine nitazigusia kuelekea mwisho, kwa sababu zina masharti yake.

Kinachovunja kioo

Kioo huvumilia sana kugandamizwa, lakini hakivumilii kupindwa. Mtu anapotia bisibisi nyuma ya ukingo na kuisukuma, upande mmoja wa kioo huinuka ilhali upande mwingine bado umeshikwa na gundi, na kioo hulazimika kujipinda kati ya sehemu hizo mbili. Hapo hufunguka penye dosari yoyote ndogo, ambayo mara nyingi iko ukingoni, mahali kilipokatwa dukani.

Nilivunja kioo kwa namna hiyo miaka yangu ya mwanzo ya kukarabati nyumba, katika ploti moja ya Umoja. Nilikuwa nimekwisha kukata gundi ya juu na ya pembeni, na kilichobaki kilikuwa donge moja la katikati. Nilitia bisibisi bapa kwenye kona ya chini, nikaisukuma polepole nikidhani upole ungetosha. Mlio ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinapokatika, na papo hapo ufa ukatoka kwenye ncha ya bisibisi, ukafika kwenye donge, ukapinda kidogo, ukatokea ukingo wa upande wa pili. Tangu siku hiyo sitii chuma nyuma ya kioo kwa nia ya kukiinua. Kinachokatwa ni gundi, na kioo chenyewe hukaa kimetulia mahali pake mpaka uzi wa mwisho wa gundi uishe.

Kuijua gundi kabla ya kuigusa

Mfano nitakaoufuata ni wa kioo nilichokitoa mwezi wa Julai katika nyumba ya ghorofa huko South B. Kilikuwa na upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90, unene wa milimita 5. Kila mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 2.5, kwa hiyo kioo hicho kilikuwa na karibu kilo 7. Uzito huo si mkubwa kwa mtu mmoja, lakini ni mkubwa vya kutosha kukata mkono ukiuporomokea. Kioo kipana zaidi, tuseme cha sentimita 120 kwa 90 na unene wa milimita 6, hufikia kilo 16, na hicho sikigusi bila watu wawili wenye nguvu.

Uchunguzi huanza kwa tochi. Laza shavu lako ukutani, mulika kwenye mwanya ulio kati ya kioo na vigae, kisha zunguka pande zote nne. Mara nyingi utaona gundi ikiwa imekaa kama madonge au kama mistari inayoshuka. Baada ya hapo chukua kadi nyembamba ya plastiki, ile ya benki iliyokwisha muda wake inafaa kabisa, uiingize taratibu kwenye mwanya na uone inagota wapi. Kila inapogota, weka alama ya kalamu kwenye uso wa kioo. Mwishowe gonga kioo kwa kifundo cha kidole, kidogokidogo: penye uwazi mlio huwa kama wa debe tupu, na penye gundi huwa mzito na mfupi. Kule South B nilipata mistari minne ya kushuka na donge moja kubwa katikati, nikaichora yote kwenye uso wa kioo. Mchoro huo ndio ulioniongoza kazi nzima.

Ikiwa unaweza kufikia kipande cha gundi kilichojitokeza ukingoni, kibane kwa kucha. Silikoni hunepa na kurudi kama mpira, na ukiisugua kwa kidole hutoa vipande vidogo vya kubingirika. Ikiwa gundi ni ngumu, ya rangi ya maziwa au ya udongo, na inamomonyoka kama chokaa, basi ni gundi ya ujenzi, na hali yako ni ngumu zaidi.

Jambo la mwisho la kuchunguza ni ukingo wa kioo. Chukua kipande cha pamba, ukipitishe polepole kwenye ukingo wote. Palipo na jino, hata dogo lisiloonekana, pamba itanasa na kuacha nyuzi. Jino moja halizuii kazi, lakini hapo ndipo ufa hupenda kuanzia, kwa hiyo upande huo usiubane wala kuugonga. Kioo ambacho tayari kina ufa usijaribu kukiokoa.

Vifaa

Kifaa kikuu ni waya wa kukatia. Unaofaa kuliko yote ni ule uliosokotwa wa chuma kisichoshika kutu, ambao mafundi wa vioo vya magari huutumia kutolea kioo cha mbele cha gari. Ukiutafuta, anza kuulizia kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Ukiukosa, uzi mwembamba wa chuma wa gitaa hufanya kazi, na mshipi mnene wa kuvulia samaki hufanya pia, ingawa mshipi wa nailoni huyeyuka kwa msuguano na kukatika mara kwa mara. Uwe na urefu wa upana wa kioo pamoja na sentimita 60 za ziada, na uwe na akiba ya nyuzi mbili au tatu, kwa sababu hata waya mzuri hukatika.

Kata vipande viwili vya mpini wa ufagio, kila kimoja cha sentimita 10 hivi, uzungushie kila ncha ya waya kwenye kipande chake mara tano au sita na kuikaza. Usizungushie waya mkononi hata kama umevaa glavu, kwa maana waya ukivutwa kwa nguvu huikata glavu na kuingia kwenye nyama. Vitu vingine ni vya kawaida: tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, wembe wenye mpini, chupa ya kunyunyizia maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, vipande vya kadibodi, blanketi la zamani, glavu nene zenye mpira kiganjani, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika mguu. Malapa hayafai.

Kuandaa bafu

Ikiwa kuna taa juu ya kioo, taa iliyofungwa ndani yake, au soketi iliyo karibu, zima umeme kwenye swichi kuu ya nyumba kabla ya jambo lingine lolote. Waya wa chuma unaopita nyuma ya kioo unaweza kukutana na waya wa taa uliofichwa hapo, na wewe ndiye unayeshika ncha zote mbili. Hili silifanyii mjadala na mwenye nyumba.

Bandika tepu kwenye uso wa kioo kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kulaza, kwa kusimamisha na kwa kukatiza, ukiacha nafasi za upana wa kiganja kati ya mstari na mstari. Tepu haizuii kioo kuvunjika, na mtu asidanganyike. Kazi yake ni kushikilia vipande vibaki pamoja ikiwa kitavunjika, visikushukie kifuani. Funga mfuniko wa choo, ziba tundu la sinki kwa kitambaa, na utandaze blanketi sakafuni.

Sasa kioo kinahitaji kitu cha kukibeba kwa chini. Ikiwa kuna klipu zilizofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa chini, ziache kama zilivyo mpaka mwisho kabisa, hata kama umetoa zile za juu. Ikiwa hakuna, laza ubao imara juu ya sinki, kisha panga juu yake taulo zilizokunjwa au vipande vya mbao vilivyofunikwa kitambaa mpaka viguse ukingo wa chini bila kuusukuma juu. Kule South B nilitumia ubao na taulo tatu. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alisimama mlangoni akaniuliza, "Fundi, kwani si utakishika tu?" Nilimweleza kwamba mikono miwili haiwezi kukata na kushika kwa wakati mmoja, na kwamba gundi ya mwisho huachia bila kutoa taarifa.

Kukata

Kwanza ondoa silikoni ya pembezoni, ule mstari unaoziba mwanya ili maji yasiingie. Upitishie wembe mara mbili, mara moja ukifuata kioo na mara ya pili ukifuata kigae, kisha uvute mstari wenyewe kwa vidole. Usiwahi kudhani kwamba haupo. Katika vioo vingi mstari wa chini huwa umejificha chini ya vumbi na sabuni iliyokauka, na ukisahaulika utakuja kukishika kioo wakati ambapo wewe unaamini kiko huru.

Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mwanya wa juu. Ingiza waya nyuma ya kona moja ya juu, uuteremshe nyuma ya ukingo mpaka uwe umelala sawasawa upana mzima, kisha mmoja ashike mpini wa kushoto na mwingine wa kulia. Mkiwa wawili, vuteni kwa zamu, kama watu wanaokata gogo kwa msumeno mrefu: mmoja anavuta, mwingine anaachia akiwa bado ameukaza kidogo. Mvuto uwe mrefu na wa polepole. Mvuto mfupi wa haraka hupasha waya joto mahali pamoja, na hapo ndipo hukatika.

Elekeo la waya ndilo linaloamua kama kioo kitafaa tena. Rangi ya fedha inayokifanya kioo kiakisi iko upande wa nyuma, na imefunikwa na tabaka jembamba tu la rangi ya kuilinda. Waya ukikwaruza upande huo, au gundi ikibanduka pamoja na rangi, utaona mabaka meusi au matundu ya mwangaza usoni pa kioo, na hayarekebishiki. Kwa hiyo vuteni mikono kuelekea ukutani, waya uwe unasuguana na kigae, si kioo. Kigae kinachong'aa ni kigumu na hakidhuriki kirahisi. Mistari ya kijivu ambayo waya huiacha juu yake hutoka kwa dawa ya kusugulia sufuria.

Waya unapokutana na gundi utausikia mikononi. Mvuto hugeuka kuwa mzito na laini, kama kukata ugali uliopoa kwa uzi, na vipande vidogo vya silikoni huanza kudondoka kwenye taulo. Ukishakata sentimita 10 za juu, ingiza kipande chembamba cha kadibodi kwenye mwanya ili kioo kisiubane waya. Kadibodi iingie kwa kidole tu. Ikihitaji kusukumwa kwa nguvu, ni nene mno.

Kule South B tulishuka vizuri mpaka kama sentimita 40 kutoka juu, kisha waya ukagota. Tulivuta mara tatu, ukakatika. Nilipotazama mchoro wangu, tulikuwa tumefika kwenye donge kubwa la katikati pamoja na mistari yote minne, yaani waya ulikuwa unakata gundi tano kwa mpigo. Dawa yake ni kubadilisha pembe. Tulifunga waya mpya, mmoja wetu akainua mkono wake mpaka juu ya mstari wa kukatia na mwingine akaushusha, ili waya ulale mshazari na kukutana na kila gundi kwa wakati wake. Tulimaliza mistari ya kushoto, tukageuza mshazari, tukamaliza ya kulia, na donge likabaki peke yake. Donge lenyewe lilichukua dakika 15, kwa sababu lilikuwa limegandamizwa mpaka likawa jembamba na pana kama chapati, na waya ulikuwa hauna nafasi. Hapo kilichosaidia ni maji ya sabuni kwa wingi na subira.

Ukiona kioo kinaanza kulia, mlio mdogo wa kukatika ambao hautoki kwenye waya, acha mara moja. Kwa kawaida maana yake ni kwamba kadibodi ni nene, au waya unavutwa kuelekea nje badala ya ukutani. Toa kadibodi, tazama kwa tochi, na uendelee tu baada ya kujua sababu.

Sentimita 10 za mwisho

Hapa ndipo vioo vingi hupotea, kwa kuwa mtu amechoka na kioo kinaonekana tayari kimeachia. Gundi inapobaki sentimita 10 hivi kutoka chini, mtu wa tatu, au mmoja wenu kama kioo ni kidogo, aweke viganja vyote viwili usoni pa kioo, kimoja juu ya kingine, akikizuia tu kisianguke mbele, bila kukivuta. Anayekata sasa anafanya kazi peke yake, akiwa ameshika vipini vyote viwili na kuvuta kwa zamu kushoto na kulia.

Waya ukitoka chini, msikinyanyue bado. Kiinamishe kioo mbele kwa juu, sentimita 1 au 2 tu, na umulike nyuma yake. Unatafuta uzi wowote wa silikoni unaonyooka kati ya kioo na ukuta. Sisi tuliukuta mmoja, kwenye kona ya chini ya kulia, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Tuliurudisha waya pale tukaukata. Uzi kama huo unatosha kukipinda kioo chembamba kikivutwa kwa nguvu.

Baada ya hapo kioo huinuliwa kwa pamoja na kubebwa kikiwa kimesimama kwa ukingo wake mrefu. Kisibebwe kikiwa kimelala kama sinia, kwa kuwa kitajipinda kwa uzito wake chenyewe. Kisimamishe juu ya vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa kitambaa, kikiegemea ukuta kwa mwinamo mdogo. Kazi yote ya South B, tangu kubandika tepu hadi kukisimamisha sebuleni, ilichukua kama saa moja na nusu.

Joto, na gundi zisizo silikoni

Watu wengi huambiwa wapashe kioo joto. Kwa silikoni joto halisaidii sana, kwa sababu silikoni iliyokauka huvumilia joto kali kuliko lile ambalo kioo kinaweza kulistahimili. Joto hufaa kwa tepu ya sifongo yenye gundi pande mbili, na kwa baadhi ya gundi za ujenzi ambazo hulainika. Hata hapo tumia kikausha nywele cha kawaida, ukikisogeza bila kusimama, umbali wa sentimita 20 hivi, na ukipashe kioo chote pamoja na kingo zake mpaka kiwe cha moto ambao kiganja bado kinauvumilia. Ukipasha katikati peke yake, katikati hutanuka na kingo zilizo baridi huvutwa, na kioo hupasuka kuanzia ukingoni. Asubuhi ya Julai au Agosti, wakati ukuta wa bafu umepoa usiku kucha, hatari hiyo huwa kubwa zaidi, kwa hiyo ngoja mpaka mchana. Maji yanayochemka usiyamwagie kioo kamwe.

Tepu ya sifongo ikishapata joto hukatwa kwa mshipi wa samaki kwa urahisi. Gundi ya ujenzi iliyo katika madonge machache hukatwa kwa waya wa chuma, kwa taabu. Lakini ikiwa ilipakwa mgongo mzima wa kioo, au ikiwa vigae vililazwa kuzunguka kioo kiasi kwamba hakuna mwanya wa kupitisha waya, kwa maoni yangu kioo hicho hakitatoka kizima, na ni heri mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla kazi haijaanza ili achague kukiacha mahali pake.

Kusafisha ukuta na mgongo wa kioo

Silikoni iliyobaki kwenye vigae hulowekwa kwa maji ya sabuni na kukwanguliwa kwa wembe uliolazwa karibu kugusa ukuta. Ukiusimamisha wembe, utakata grauti. Asidi ya kusafishia vyoo isitumike, kwa sababu haiyeyushi silikoni na huila grauti. Kwenye mgongo wa kioo usitumie wembe kabisa. Madonge yaliyobaki huko yapunguzwe kwa makasi au kisu, yakiachwa na unene wa milimita 1 au 2 juu ya rangi, maana ukiyang'oa yote utaondoka na fedha.

Ikiwa kioo kitagundishwa tena, kigundishwe penye mgongo ambao haukuwa na gundi, kwa kuwa silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Unapoinunua, omba silikoni ya vioo vya kujitazamia. Ile ya kawaida inayotoa harufu kama ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula fedha ya nyuma na kuacha madoa meusi. Ipake kwa mistari ya kusimama ili unyevu upate njia ya kushuka, na ukibebeshe kioo kwa ubao na taulo zile zile kwa saa 24 kabla ya kukiachia.